Nani Kashika Kipimo? Ugomvi wa Mavazi na Nywele katika Historia ya Afrika Mashariki

Katika Unguja ya karne ya 19, ilitosha kumtazama mtu kichwani na miguuni ili kujua kama ni mtumwa au muungwana. Mtumwa mwanamume alitembea kichwa wazi, miguu mitupu, na kiunoni kajifunga kipande cha merikani. Mtumwa mwanamke alijifunga kaniki chini ya kwapa, mabega nje, wala hakuthubutu kujitanda mbele ya watu. Kanzu, kofia, kilemba na viatu vilikuwa vya waungwana, na ushungi ulikuwa wa wake zao na binti zao. Hakukuwa na haja ya kuibandika kanuni hiyo ukutani. Mtumwa aliyevaa kofia alijua atakayemvua, na aliyemvua alijua hakuna wa kumuuliza.

Ni vizuri kuianza historia ya ugomvi wa mavazi hapo, kwa sababu tumezoea kuusimulia kana kwamba uliletwa na sketi fupi. Tukiuanza kwenye sketi fupi, tutadhani ni mashindano ya wazee na vijana, au ya dini na dunia. Tukirudi nyuma tunaona jambo la zamani zaidi, nalo ni kwamba kanuni ya mavazi humgawia mtu mmoja haki ya kupima na kumfanya mwingine kuwa mwenye kupimwa. Watu wa huku hawajawahi kukataa kwamba mavazi yana heshima zake. Kilichowauma, kizazi baada ya kizazi, ni kuona kipimo kinawaangukia wao na kumpita jirani.

Mwezi Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri iliyoiondoa hali ya utumwa katika sheria. Amri ile haikumwachia mtu huru papo hapo, kwani mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuudai uhuru wake, na wengi walichelewa au hawakwenda kabisa. Lakini kulikuwa na uhuru mwingine ambao haukusubiri hati, nao ulipatikana dukani. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeichunguza Zanzibar ya baada ya utumwa, ameonyesha jinsi watu waliokuwa watumwa walivyoiacha kaniki, nguo ya rangi ya giza iliyowatambulisha, wakanunua kanga za rangi na maua. Doti moja ilikuwa na vipande viwili, cha kujifunga na cha kujitanda, na hicho cha pili ndicho kilichokuwa na uzito. Mwanamke ambaye mama yake alikatazwa kufunika kichwa sasa alipita sokoni kajitanda. Wanaume nao wakavaa kanzu na kofia.

Miaka michache baadaye likaingia buibui, na kufikia miaka ya 1920 lilikuwa limevaliwa na wanawake wa tabaka mbalimbali mjini. Leo wapo wanaoliona buibui kama alama ya mwanamke aliyezuiwa. Kwa mjukuu wa mtumwa wa Ng'ambo lilikuwa na maana nyingine kabisa, maana ndani yake yeye na binti wa tajiri wa Mji Mkongwe hawakutofautishwa kwa haraka. Nguo ileile humbana mmoja na kumfungulia mwingine. Hatuwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili bila kuuliza nani alikuwa haruhusiwi kuivaa kabla.

Wakoloni walikuja na madaraja yao. Katika nyumba nyingi za Wazungu, mtumishi wa kiume, hata awe na wajukuu, aliitwa "boi" na alivalishwa kanzu nyeupe na mshipi, akahudumia mezani bila viatu. Kanzu iliyokuwa vazi la muungwana Pwani ikawa sare ya mtumishi Nairobi. Askari wa KAR naye alipiga gwaride pekupeku kwa miongo mingi, na viatu vya buti vikaja kuwa vya kawaida kwake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa upande mwingine, karani Mwafrika aliyevaa suti na tai alichekwa kwamba anajifanya Mzungu. Akivaa chini ya kipimo alikuwa mshenzi, na akivaa juu ya kipimo alikuwa mjeuri. Kilichobaki katikati kilikuwa kile alichochaguliwa.

Oparesheni mbili za wakati mmoja

Uhuru ulipofika, matarajio yalikuwa kwamba jambo hili litaisha. Badala yake lilipata nguvu mpya, na hakuna mahali ambapo mambo yalijionyesha wazi kama Tanzania kati ya mwaka 1967 na 1969. Katika muda huo mfupi nchi ilikuwa na kampeni mbili za mavazi zilizovutana kwa upande na upande.

Ya kwanza iliwahusu Wamasai wa kaskazini. Viongozi wa mkoa wa Arusha waliamua kwamba lubega, ngozi na kujipaka mafuta yenye udongo mwekundu ni aibu kwa taifa linalotaka maendeleo. Mmasai alitakiwa avae suruali na shati, na mwanamke wake avae gauni. Hapakuwa na haja ya kumfunga mtu ili kumlazimisha, kwa kuwa njia rahisi ilikuwa kumnyima huduma. Wenye mabasi walitakiwa wasimpakie aliyevaa kimila. Fikiria maana yake kwa mtu aliyetoka Monduli kuja mjini kuuza ng'ombe au kumpeleka mgonjwa: kanuni ilimkuta kwenye mlango wa basi, na mtu wa kuitekeleza alikuwa utingo. Nchini Kenya, mwanasiasa John Keen, mwenye asili ya Kimasai, alipinga hadharani. Swali lililoulizwa na wengi lilikuwa jepesi. Kama tunautafuta utamaduni wetu wa Kiafrika, kwa nini tumeanza na kumvua Mmasai?

Kampeni ya pili ilitangazwa Dar es Salaam mwanzoni mwa Oktoba 1968. Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga vita sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua, na suruali na kaptula za kubana, kwa hoja kwamba vitu hivyo ni mabaki ya ukoloni yanayovunja utamaduni wa taifa. Kampeni hiyo ikapewa jina la Oparesheni Vijana, na tarehe ya kuanza ikapangwa kuwa 1 Januari 1969. Kwa hiyo wananchi walikuwa na karibu miezi mitatu ya kujirekebisha.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu kilichotokea katika siku chache zilizofuata kinafundisha zaidi ya azimio lenyewe. Oparesheni ilikuwa haijaanza. Hakukuwa na sheria iliyopitishwa na Bunge, hakukuwa na kipimo cha sentimita, hakukuwa na mtu aliyeteuliwa kukagua. Hata hivyo, ndani ya wiki ileile, makundi ya vijana wa kiume yalijikusanya Kariakoo, hasa kwenye vituo vya mabasi, yakawa yanawazomea, kuwasukuma na kuwachania nguo wanawake waliowaona wamevaa vibaya. Hali iliharibika kiasi cha polisi wa kutuliza ghasia kuitwa. Viongozi walilazimika kusema kwamba hawakumtuma mtu kumpiga mwingine. Huenda ni kweli hawakumtuma. Lakini walikuwa wametangaza kosa bila kutaja wa kulipima, na pengo hilo likazibwa na yeyote aliyekuwa na nguvu kituoni.

Tazama pia nani aliguswa. Azimio lilitaja suruali za kubana za wanaume, na wazee wa mjini bado husimulia habari za chupa ya soda iliyopitishwa kwenye mguu wa suruali kuona kama inapenya. Lakini kule Kariakoo walioshambuliwa walikuwa wanawake, na si wanawake wote. Mke wa mkubwa aliyepita na gari hakuguswa hata kama sketi yake iliishia juu ya goti. Aliyeguswa ni yule anayengoja basi: mpiga chapa, karani, msichana wa dukani, mwanafunzi.

Mwanahistoria Andrew Ivaska, aliyechimbua magazeti ya wakati ule, ameonyesha kwamba chini ya maneno ya utamaduni kulikuwa na uchungu wa kazi na fedha. Vijana wengi walikuwa wamekuja mjini wakakosa ajira. Waliwaona wasichana wa rika lao wakipata kazi za ofisini, wakijinunulia nguo kwa mshahara wao, na wengine wakichukuliwa na wanaume wenye magari. Sketi fupi ikawa alama ya yote waliyoyakosa. Kumchania msichana sketi kulikuwa namna ya kumwambia kwamba mji huu si wake.

Magazeti ya The Standard, The Nationalist, Uhuru na Ngurumo yakajaa barua za wasomaji. Wapo walioshangilia. Lakini wapo waliouliza mambo ambayo hata leo hayajajibiwa vizuri. Ikiwa sketi fupi ni ya kigeni, suti ya waziri ilifumwa wapi? Ikiwa kuonyesha mapaja si Uafrika, bibi zetu kabla ya merikani walivaa nini? Ikiwa wigi ni uongo wa nywele, nani ataamua nywele za kweli ni zipi? Na lile lililouma zaidi: mbona oparesheni ya kaskazini inamwadhibu mtu kwa kuvaa kama babu yake, na ya Dar es Salaam inamwadhibu mwingine kwa kutovaa kama bibi yake? Aliyekuwa akiuliza hivyo hakuwa akitetea uchi. Alikuwa ameona kwamba neno "utamaduni" lilikuwa likikunjwa na kukunjuliwa kadiri ya mwenye kulishika.

Januari ilipofika, oparesheni haikuwa na kishindo kilichotangazwa. Mitindo iliendelea kubadilika, na sketi zikarefuka na kufupika kwa sababu zake. Kilichobaki kwa miaka mingi ni mazoea kwamba mwanamke akiwa njiani, nguo yake ni mali ya kujadiliwa na kila apitaye.

Amri za marais

Majirani hawakuwa nyuma. Uganda ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na mwaka 1974 ikaongeza mawigi na suruali za wanawake. Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria mwaka 1973 iliyomkataza mwanamke suruali na nguo iliyoacha goti wazi, na ikamkataza mwanamume nywele ndefu. Sheria hiyo ilidumu miaka 20, ikafutwa mwaka 1993 wakati upepo wa vyama vingi ulipovuma.

Zaire ya Mobutu ilikwenda njia nyingine. Huko aliyepigwa marufuku alikuwa mwanamume mwenye suti na tai. Mahali pake pakawekwa abakosti, koti lisilo na tai, ambalo jina lake lilitokana na kaulimbiu ya Kifaransa ya kuiangusha suti. Kuanzia Kinshasa hadi Lubumbashi, tai ikawa alama ya uasi. Mobutu aliporuhusu vyama vingi mwezi Aprili 1990, aliiruhusu tai pia, na watu wakaitoa kabatini kama bendera. Mfano huu unafaa kukumbukwa na wanaodhani kwamba kanuni za mavazi ni habari ya wanawake tu. Huwaangukia wanawake mara nyingi zaidi, lakini sababu yake ni kwamba mara nyingi zaidi wao ndio wasioshika kipimo. Mahali ambapo mshika kipimo alikuwa mtu mmoja tu, kila mwanamume wa nchi alivaa alivyoambiwa.

Barabara ya mwaka 2014

Yaliyotokea Kariakoo mwaka 1968 yalijirudia mwaka 2014, safari hii katika nchi mbili. Mwezi Februari Rais Museveni wa Uganda alitia saini sheria ya kupinga ponografia. Maandishi yake hayakuitaja sketi fupi kama kosa, lakini mjadala ulioitangulia ulikuwa umeitaja sana, na mitaani ikaitwa sheria ya sketi fupi. Wanawake wakaanza kushambuliwa na kuvuliwa nguo, hadi serikali ikalazimika kuwaonya watu wasijichukulie sheria mkononi. Mahakama ya Katiba ilikuja kuvifuta vifungu vyake muhimu mwezi Agosti 2021. Moja ya kasoro ilikuwa ileile ya zamani, kwamba kosa lilielezwa kwa maneno mapana mno, kiasi kwamba mtu hakuweza kujua mapema kama amelitenda.

Mwezi Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha matatu katikati ya Nairobi, na picha zake zikasambazwa. Tarehe 17 Novemba mamia ya wanawake, pamoja na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana mjini wakidai kwamba nguo ni chaguo la mvaaji. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge la Kenya likaongeza kifungu katika Sheria ya Kanuni ya Adhabu, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa la peke yake lenye kifungo kisichopungua miaka 10.

Kwa mwanahistoria, hapa pana mgeuko mkubwa. Kwa zaidi ya karne moja sheria ilikuwa ikimuuliza aliyevaa. Sasa kwa mara ya kwanza ilimgeukia aliyempima, ikamwambia kwamba hata kama nguo ile haikukupendeza, mkono wako hauna ruhusa.

Darasani na mahakamani

Ugomvi mwingine wa mwaka huo haukuwa na ghasia, lakini ulifika mbali zaidi katika kufafanua haki ni nini. Katika shule moja ya sekondari ya kutwa mjini Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wanafunzi wengi walikuwa Waislamu. Mwezi Juni 2014 naibu gavana wa kaunti alihudhuria mkutano wa shule, akaomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kanisa likaenda mahakamani kupinga. Hoja yake haikuwa ya chuki: sare ni ya wote, na ukimwongezea mmoja kitambaa umewabagua wengine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana nalo.

Mzazi mmoja akakata rufaa. Mwezi Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi, kwa hoja inayostahili kusomwa polepole. Kanuni inaweza kuwa sawa kwa maneno na isiwe sawa kwa uzito. Ukiwaambia wanafunzi wote wavue kitambaa cha kichwa, yule asiyekuwa nacho hajapoteza kitu, na yule ambaye dini yake inamtaka akivae amelazimishwa kuchagua kati ya imani na shule. Wote wamesomewa sentensi moja, lakini ni mmoja tu aliyetozwa. Huo, walisema majaji, ni ubaguzi usiokuwa wa moja kwa moja, na dawa yake ni kumpa nafasi ya pekee anayeumia, mradi nafasi hiyo haiivunji shule.

Wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo. Haikusema kwamba hijabu ni marufuku. Kwa wingi wa majaji ilisema kwamba dai la mzazi halikufikishwa mahakamani kwa njia inayotakiwa tangu mwanzo, kwa hiyo halikupaswa kuamuliwa, na ikashauri shule ikae na wahusika itunge kanuni zake. Jaji mmoja alipingana na wenzake. Miaka minne na nusu ya kesi iliishia kwenye utaratibu, na wasichana walioanza nayo walikuwa wameshamaliza shule. Huo nao ni ukweli wa ugomvi wa namna hii: mtoto hukua haraka kuliko kesi.

Mwezi huohuo wa Januari, msichana aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya Kibera, Nairobi, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta alizofunika kwa kitambaa. Shule ilimtaka anyoe. Familia yake ni ya Kirastafari, na baba yake akafungua kesi. Mahakama Kuu ilitoa kwanza amri ya muda kwamba arudi darasani wakati kesi ikisikilizwa, na hiyo ndiyo hatua iliyomwokoa, kwani bila hiyo angepoteza mwaka. Tarehe 13 Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni imani inayolindwa na Katiba kama nyingine, na kwamba shule haikuonyesha ni kitu gani kinaharibika darasani nywele zile zikiwapo.

Ukiziweka kesi hizo mbili pamoja, utaona swali limehama. Shule zilifika mahakamani zikisema, "Kanuni ni kanuni." Mahakama zikauliza kanuni hiyo inalinda nini, na inamgharimu nani. Shule isiyokuwa na jibu la swali la kwanza ilishindwa. Wakati huohuo hakuna jaji aliyesema kwamba sare ifutwe au kwamba kila mtoto avae atakavyo. Sare ina kazi yake: inapunguza mashindano ya nguo kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini, na inamtambulisha mwanafunzi barabarani. Kilichokataliwa ni sehemu ya kanuni isiyokuwa na kazi.

Kubana ni kwa nani?

Tarehe 1 Juni 2021, bungeni Dodoma, mbunge Hussein Amar alisimama kulalamika kwamba baadhi ya wabunge wanawake wanavaa visivyo, akamwonyesha mmoja kwa mahali alipokaa na kwa rangi ya njano aliyovaa. Alikuwa Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, aliyevaa suruali nyeusi. Spika Job Ndugai akamtaka atoke akavae vizuri ndipo arudi. Akatoka mbele ya kamera. Wabunge wanawake wenzake wakalalamika, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikawa inaikuza picha ya suruali ile kuona kama ina kosa.

Lililobishaniwa lilikuwa kubana kwa suruali ile, na hapo ndipo penye kiini cha manung'uniko mengi ya mavazi kazini. Muulize fundi cherehani yeyote. Akikata sketi mbili kwa urefu mmoja, mwenye nyonga nyembamba itamfika chini ya goti vizuri, na mwenye makalio makubwa itapanda nyuma, kwa sababu sehemu ya kitambaa imetumika kuzunguka mwili kabla ya kushuka. Suruali ileile hulegea kwa mmoja na kumkaa mwilini mwenzake. Fundi mzuri huongeza urefu wa nyuma, lakini nguo nyingi za dukani na za mitumba hazikukatwa na fundi aliyemwona mvaaji. Kwa hiyo kanuni inayosema "nguo isibane wala isionyeshe maungo" inaonekana inaihusu nguo, lakini mlangoni inaupima mwili. Wafanyakazi wawili wanaweza kuja na nguo za duka moja, mmoja akapita, na mwingine akaambiwa na mlinzi akaazime kanga. Yule wa pili hataamini kwamba ameonywa kwa ajili ya nguo. Na hakika hajakosea.

Mabango yenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa, ambayo tunayaona kwenye milango ya ofisi za umma na vyuo, yalikusudiwa kuondoa utata huo. Yanasaidia pale yanapoonyesha vitu vinavyohesabika: kaptula, kandambili, fulana yenye maandishi, suruali ya mlegezo. Yanashindwa pale yanapofika kwenye kubana na kuonyesha, kwa sababu picha haiwezi kusema kipimo kinaanzia wapi, na uamuzi unarudi kwenye jicho la mlinzi wa zamu.

Wala tusidhani kipimo cha heshima ni kimoja hata kwa wakubwa. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda ndani ya Bunge, wakati ambapo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana nayo hadharani mara kwa mara. Vazi hilo, lenye jina la rais wa kwanza wa Zambia, lilikuwa kwa miaka mingi vazi rasmi la viongozi kusini mwa mpaka, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere haikuona lina upungufu wowote wa heshima. Vazi lililofaa Ikulu halikufaa Bungeni, na sababu haikuwamo katika kitambaa.

Kanuni isiyozaa kinyongo

Kanuni zilizozua kinyongo, kuanzia kaniki ya Unguja hadi suruali ya Dodoma, zina sura moja. Kosa lake halina kipimo kilichoandikwa, mkaguzi wake ni yeyote aliye mlangoni, anayeguswa ni yule asiyeweza kujibu, na hakuna pa kulalamikia bila kuumbuliwa. Kanuni zilizokubalika, kwa upande mwingine, hazikuwa lazima zile laini. Kofia ngumu ya kiwandani na nywele zilizofungwa jikoni hospitalini ni masharti makali, lakini watu huyatii bila kununa, kwa sababu sababu yake inaonekana na bosi naye anafungwa nayo.

Kwa hiyo mwalimu mkuu, meneja au ofisa utumishi anayeandika kanuni ya mavazi kesho anaweza kujipima kabla ya kuwapima wengine. Kila sharti aliandikie sababu yake pembeni, na lile lisilokuwa na sababu alifute. Aandike vinavyohesabika, yaani urefu kutoka gotini, aina ya kiatu na rangi ya sare, na aachane na maneno kama "staha" na "nadhifu" yanayosubiri jicho la mtu. Aseme mapema ni nani anayekagua, na ukaguzi ufanyike faraghani, kwa mtu wa jinsia yake, kamwe usiwe mbele ya foleni. Aweke mlango wa anayeumia kwa dini, ugonjwa, ujauzito au umbo, na amjibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Na mtoto abaki darasani wakati shauri lake likiendelea.

Naye aliyeonewa asianze na kubishana kama nguo yake ni nzuri, kwa sababu huo ni ubishi wa macho na hauna mwisho. Aombe kuonyeshwa sharti lilivyoandikwa, aulize kipimo chake, na aandike nani mwingine amevaa vivyo hivyo akapita. Kanuni ya haki inayajibu maswali hayo kwa dakika moja. Ile isiyoweza kuyajibu haifai kutungiwa adhabu, hata kama imetiwa saini na mkubwa wa namna gani.